Kepsheni ya nyanya na ya wenzako

"Mama, nikiandika Insta vile naongea, nyanya anapiga simu. Nikiandika kwa adabu, wenzangu wanasema nimekuwa ustadhi. Niandikeje?"

Mwanangu, salama? Mimi naona adabu si shida yako, shida ni ule mstari wa kwanza. Insta inaonyesha maneno machache tu ya mwanzo, yaliyobaki yanajificha mpaka mtu abonyeze "more", na nyanya yako habonyezi kitu, yeye asoma kile kilichoko juu anafunga simu anaanza kupiga.

Chukua hii picha yako mliyopiga kule Mama Ngina, kando ya bahari. Umeandika "Nimekufa mimi 💀💀 mnizike na mishkaki" basi. Wenzako walikuweko, wajua mlikula mpaka mkashindwa kuinuka. Nyanya hakuweko, yeye kaona nimekufa, kaona fuvu, kaona mnizike, na saa ni saa nne usiku. Sasa ungeandika "Mishkaki ya Mama Ngina imetumaliza leo 😂 mimi nimekufa, mnizike hapa hapa" mzaha ni ule ule, hakuna neno la maana ulilotoa, ila umetanguliza mlikuwa wapi na mwafanya nini, kwa hivyo hilo "nimekufa" likifika lamkuta nyanya ashajua ni tumbo. Na hilo fuvu litoe, kwenu ni kicheko lakini kwa mtu mzima fuvu ni fuvu.

Lakini usiruke upande wa pili ukaanza "Twamshukuru Mola kwa jioni hii njema" chini ya picha umeshika mshikaki mdomoni, hapo hata mimi nitadhani simu imeibwa 😂

Kuna maneno lakini hayatengenezeki, yale ya mashemeji na nani kaachwa na nani. Hayo usiyapambe, yapeleke Close Friends, unachagua watu wako na wao ndio wataona stori ikiwa na ile duara ya kijani, na ukimtoa mtu haletewi habari. Ila angalia umeweka nani humo, kama binamu yako yumo na anakaa nyumba moja na shangazi, basi shangazi naye yumo.

Na komenti je? Wewe waeza kuandika vizuri kisha rafiki yako akaja chini na tusi lake la mapenzi, na ami yako komenti azisoma zote kuliko hata kepsheni. Ifute hiyo, halafu mwambie mwenyewe kando ni kwa nini, asije akadhani mmekosana.

Hiyo ya Mama Ngina bado iko, bonyeza zile nukta tatu, "Edit", badilisha maneno, picha na laiki zabaki vile vile. Fanya leo kabla ya magharibi maana shangazi yako ashapiga skrinshoti kaiweka kwenye grupu la familia, na huko ni wewe mwenyewe uende ukaseme u mzima.