Losheni ya rangi, BB ao fondeteni: kitu chepesi cha kila siku kwa makuta kidogo

"Yaya zangu, niko Katuba, nauzisha duka mjini Lubumbashi. Natafuta kitu chepesi cha kufunika madoa ya chunusi kila asubuhi, uso usionekane umepakwa. Niko na 20 000 franka tu. Nichukue losheni ya rangi, krimu ya BB ao fondeteni?"

Mdogo wangu, chukua fondeteni, ile wenzetu wa Dar wanaita faundesheni, lakini usiipake jinsi ilivyo. Ipunguze kwa losheni yako ya uso kila asubuhi. Najua ndiyo nzito kuliko zote tatu, ila kwa ngozi zetu na mfuko wetu ndiyo inayofaa.

Zote tatu hutiwa rangi zilezile: oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, pamoja na unga mweupe wa titani. Losheni ya rangi ina kidogo, BB ina zaidi na mara nyingi imewekewa kinga ya jua, fondeteni ina nyingi. BB ilipata umaarufu wake Korea Kusini, na tyubu ninazokuta sokoni kwetu ni za rangi mbili ao tatu, hata ile nyeusi zaidi bado ni nyeupe kwa mtu kama mimi. Ukiongeza weupe wa ile kinga ya jua, uso unakuwa kama umepakwa majivu.

Nilijifunza hilo kwa 12 000 franka. Muuzaji aliniambia, "Ngoja, mama, itaingia kwenye ngozi." Asubuhi, chumbani, kioo hakikuonyesha kitu. Mchana ulikuwa ubatizo wa mtoto wa dada yangu, tukapigwa picha nje: uso wangu kijivu, shingo kahawia. Unga mweupe hauingii kwenye ngozi, unakaa juu. Hata ungesugua vipi, kijivu kinabaki.

Fondeteni ina rangi nyingi za kuchagua, na hapo ndipo utumie muda wako. Usiijaribu kwenye mkono, paka mstari mdogo kwenye taya, karibu na shingo. Toka nje ya duka, uangalie kwenye mwanga wa jua, kisha tembea sokoni dakika 20 mbele ya kulipa, maana nyingi hubadilika na kuwa nyeusi zaidi zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Mstari ukipotea, hiyo ni yako. Ukionekana kijivu, tafuta yenye wekundu ao njano zaidi. Ukionekana kama chungwa, wekundu umezidi. Na kwa kuwa utaipunguza, ngozi yako itaonekana chini yake, kwa hiyo tofauti ndogo haitakuaibisha.

Asubuhi nanawa uso, halafu naweka losheni kwenye mgongo wa mkono, kiasi cha punje ya haragi, na nusu ya kiasi hicho cha fondeteni. Nachanganya kwa kidole, naanza katikati ya uso na kuvuta kuelekea masikio, nikimaliza chini ya taya. Doa likibaki, nalidonoa kwa fondeteni tupu kwa ncha ya kidole, bila kusugua. Ni pale tu, si uso mzima.

Mara ya kwanza, acha mchanganyiko ukae mkononi dakika moja. Ukifanya vipunje kama maziwa yaliyoganda, vitu viwili hivyo haviivani: mara nyingi losheni ni ya maji na fondeteni ni ya silikoni. Badilisha losheni, ni rahisi kuliko kutupa fondeteni. Na usichanganye chupa nzima ili upumzike asubuhi. Dawa ya kuzuia vijidudu ndani yake inapunguzwa nguvu, na mchanganyiko unaweza kuoza ao kutengana.

Chupa yangu ya mililita 30 nilinunua 18 000 franka. Natumia kama theluthi moja ya mililita kwa siku, kwa hiyo inanifikisha karibu miezi mitatu. Ile tyubu ya BB, yenye kiasi hichohicho, iliisha kwa mwezi mmoja hivi, maana niliipaka kama losheni.

Kama ngozi yako haina madoa na umepata losheni ya rangi inayokufaa, chukua hiyo, kazi ni ndogo. Wewe uko na chunusi, na losheni peke yake haitafunika alama zake.

Kuhusu jua, hata BB iliyoandikwa kinga kubwa haisaidii vizuri ukiipaka kidogo, na fondeteni iliyopunguzwa ndiyo kabisa. Krimu ya jua ipake peke yake, mbele ya mchanganyiko huu, uiache ikauke, wala usiichanganye ndani yake. Jua linazidisha weusi wa alama za chunusi. Wakati wa kiangazi, Mei hadi Septemba, upepo wetu unakausha uso, basi ongeza losheni. Mvua ikianza na jasho likija, punguza losheni na uguse pua tu kwa unga wa poda.