Kufupisha sura ya ukoo na ndoa

"Nina sura ndefu ya anthropolojia kuhusu ukoo na ndoa, na mtihani umekaribia. Nifupishe vipi?"

Ndugu, chukua fasili moja uipime kwa visa viwili. Andika ile ya wanaanthropolojia wa Uingereza ya 1951: ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke unaofanya watoto wa huyo mwanamke watambuliwe kuwa halali wa wote wawili.

Chini yake weka Wanuer wa Sudan Kusini. Kwao mwanamke tasa aliweza kutoa mahari ya ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake. Mwanamume aliitwa kuzalisha tu, na watoto walimwita baba yule mwanamke aliyeoa. Ubaba ulitokana na ng'ombe, si damu.

Kisha Wanayar wa Kerala ya zamani, kusini mwa India: mke alitembelewa na waume kadhaa, watoto wakawa wa ukoo wa mama. Hata hivyo, mwanamume wa hadhi inayofaa alipaswa kukiri mtoto kwa kumlipa mkunga.

Insha huuliza kama fasili moja yatosha. Wengi husimulia visa tu wakapoteza alama. Sema kila kisa kinatikisa neno gani: Wanuer "mwanamume", Wanayar "wote wawili". Kama mhadhiri wako alitoa fasili nyingine, anza na yake.