Gemu likiganda pale pa kuingia mtandaoni, usikimbilie kulifuta

Mpwa wangu alinipigia Jumamosi jioni kutoka Pasua. "Shikamoo mjomba. Gemu la mpira linaganda. Likifika pa kuingia mtandaoni kiduara kinazunguka weee, hata pedi haisikii." Alikuwa keshaamua kulifuta alipakue upya, na gemu lile linakula gigabaiti hamsini. Bando lenyewe angeniomba mimi.

Nikamwambia azime intaneti kwenye PS4, afungue gemu. Likafika kwenye menyu bila shida. Akawasha intaneti, akajaribu gemu jingine, likaingia mtandaoni. Jirani yake naye alikuwa anacheza lilelile la mpira muda huohuo, kwa hiyo seva zilikuwa hewani. Tatizo lilikuwa ndani ya mashine yake. Kumhojihoji, kumbe juzi umeme ulikatika gemu likiwa linajisasisha.

Tulianza na kashe, yaani data za muda ambazo mashine inajiwekea. PS4 haina kitufe cha kuifuta: unaizima kabisa, siyo kuilaza, taa ikishazimika unachomoa waya wa umeme na kuuacha dakika kadhaa. (Wenye PS5 wanayo Clear System Software Cache ndani ya menyu ileile nitakayoitaja.) Akafanya hivyo. Likaganda palepale.

Ikabidi tujenge upya hifadhidata, yaani ile orodha ambayo mashine inaitumia kujua kila faili liko wapi kwenye diski. Zima mashine, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na usikiachie. Italia mara moja, endelea kushikilia. Baada ya sekunde saba hivi italia tena, hapo achia. Unganisha pedi kwa waya wa yuesibi, maana bila waya haitambuliki hapo, halafu bonyeza kitufe cha PS. Itatokea menyu ya Safe Mode, chagua namba 5, Rebuild Database. Magemu na sevu zako hazifutwi. Namba 6 na 7 ndizo zinazofuta kila kitu, na ziko chini yake tu, kwa hiyo soma kabla ya kubonyeza.

Kazi hii inaweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa, kutegemea diski ilivyojaa. Yake ilichukua kama dakika arobaini. Mvua ikinyesha na taa zinapepesa, ahirisha. Umeme ukikatika katikati unaweza kuongeza ugonjwa.

Ilipowaka, gemu likaomba sasisho lake upya. Likashuka, kiduara kikazunguka kidogo, akaingia.

Lako likiendelea kuganda hata baada ya hapo, sasa ndiyo lifute ulipakue. Sevu hubaki kwenye sehemu yake. Ila kama kule kujenga upya kwenyewe kunakwama kila ukijaribu, shuku diski. Mashine ikikubali kuwaka kawaida, nakili sevu kwenye fleshi kabla hujagusa kitu kingine.