Usimwage chokaa kwenye hilo shimo

"Nipo Moshi, nyumba ya kupanga, uwanja wa nyuma ni mdogo tu. Nimechimba shimo natupa maganda ya jikoni nipate mboji ya bustani, huu ni mwezi wa pili tangu nianze. Linanuka vibaya na inzi wamejaa. Kuna mtu kaniambia nimwage chokaa na majivu kisha nifunike na nailoni. Nimwage kiasi gani? Na mboji itaiva baada ya muda gani?"

Mkuu, usimwage. Hata kilo moja usimwage. Kama mfuko umeshaununua, mpe fundi apake ukuta.

Nimesoma swali lako nikajiona nimesimama pale Pasua, Moshi hiihii, mwezi wa 4, beleshi mkononi na mfuko wa chokaa wa kilo 25 miguuni. Shimo langu lilikuwa futi tatu kwenda chini na upana wa kama hivyo. Nyumbani tuko watu sita na ndizi hazikatiki jikoni, kwa hiyo ndoo ya lita 10 ilikuwa inajaa kila baada ya siku mbili: maganda ya ndizi, maganda ya viazi, majani ya chai, mashina ya mchicha, na ugali uliolala. Vyote hivyo vimejaa maji. Majani makavu sikutia hata konzi moja. Ya mparachichi nilikuwa nafagia kila Jumamosi na kuyachoma palepale pembeni ya shimo, yaani dawa naichoma moto huku ugonjwa naufuga.

Masika yakashuka, shimo likageuka dimbwi. Harufu ikawa ya yai viza iliyochanganyika na chemba iliyofurika. Nikaenda duka la pembejeo kuomba ushauri, na hapo ndipo nilipopotezwa. Muuzaji hakuniuliza nimetupa nini humo, hakuniuliza kama shimo lina maji, hakuniuliza kama nina majani. Aliniambia kwa uhakika kabisa: mwaga chokaa, chokaa inaua harufu, funika nailoni joto lipande, na ongeza chupa hii ya dawa ya kuozesha. Chupa ilikuwa sh 15,000. Mpaka leo nikikumbuka alivyokuwa anaongea kama mtu aliyewahi kushika mboji maishani, damu inachemka. Mtu anayeuza mifuko ya chokaa atakwambia shida yako ni kukosa chokaa.

Kinachodanganya ni kwamba siku ya kwanza harufu inapungua kweli. Ile ya yai viza inatoka kwenye uozo usiopata hewa, na chokaa inaibana kwa muda. Nililala nikiwa na raha. Siku ya tatu asubuhi nikafunua nailoni, na kilichonipiga usoni hakikuwa yai viza tena. Ilikuwa harufu ya zizi lililofungwa wiki nzima, inachoma macho mpaka machozi yanatiririka. Bibi wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ua akauliza, "Mwanangu, hapo mmefuga nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ile ni amonia. Maganda mabichi yana naitrojeni nyingi, na naitrojeni ndiyo mbolea yenyewe unayoitafuta. Ukitia chokaa nyingi au majivu mengi, ile naitrojeni inageuka gesi na kupaa. Kwa hiyo harufu ile inayokuchoma macho ni mbolea yako inaondoka, inawaendea majirani bure. Na chanzo cha shida bado kipo kulekule chini: maji yamejaa, hewa haipiti, halafu juu umeweka nailoni ili hata kidogo iliyokuwa inapita isipite.

Nikavumilia mpaka mwezi wa 6 nikaamini imeiva kwa sababu imekuwa nyeusi. Nikachimbua. Juu kulikuwa na gamba jeupe gumu kama lipu ya ukuta. Chini yake tope jeusi linaloteleza, na ndani ya tope nikashika ganda la ndizi zima, limebadilika rangi tu, unaweza hata kuona kikonyo chake. Mkuu, mboji haina kikonyo cha ndizi. Lakini nilikuwa nimeshahangaika miezi mitatu, sikutaka kusikia. Nikalitandaza tope lote kwenye matuta mawili, nikachanganya na udongo, kesho yake nikapanda miche 60 ya nyanya.

Ndani ya wiki moja majani yalianza kuwa ya njano kuanzia chini. Nikadhani kiu, nikaongeza maji, nikazidi kuua. Nilipong'oa mmoja niangalie, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, ukiivuta inachunika. Uozo ambao haujaisha unaendelea kuoza ndani ya tuta, unanyang'anya mizizi hewa na kula naitrojeni ya udongo ambayo mche ungeila. Miche iliyobaki hai ilikuwa 7. Ukijumlisha miche, chokaa, chupa ile na kibarua wa kuchimba, nilikuwa nimetupa zaidi ya sh 80,000 ili kuua nyanya zangu mwenyewe, na matuta yale yalikaa msimu mzima bila kufaa kitu.

Sasa shika hili moja, mengine yote unaweza kuyasahau: ndoo moja ya jikoni, ndoo tatu za majani makavu. Kila siku, kila ndoo. Kama leo huna majani makavu, leo humwagi maganda. Yafungie kwenye ndoo yenye kifuniko mpaka upate majani, au mpe mwenye ng'ombe. Majani yanafanya kazi mbili ambazo chokaa haiwezi. Yanakunywa maji ya maganda, na yanaacha nafasi za hewa kupita katikati ya rundo. Hewa ikipita, wale wadudu wasioonekana wanaoozesha bila kunuka wanafanya kazi. Hewa ikikatika wanakufa, wanaingia wengine, wale wa yai viza.

Hilo shimo lako linaokoka, langu la pili niliokoa hivihivi. Kwanza toka shimoni, uje juu ya ardhi, maana shimo Moshi wakati wa mvua ni kisima. Chagua kona yenye kivuli, tandaza vijiti na matawi unene wa kiganja ili hewa iingie kutokea chini. Juu yake weka majani makavu unene wa shubiri. Halafu chota uozo wa shimoni ndoo moja, mwaga, chambua mabonge kwa reki, juu yake ndoo tatu za majani, changanya palepale. Usiweke tabaka tabaka kama chapati. Changanya mpaka usione bonge la tope peke yake. Endelea hivyo hadi uozo uishe, kisha funika rundo lote kwa majani makavu unene wa shubiri, lisionekane hata ganda moja. Inzi hatagi kwenye majani makavu, anataka ganda lenye maji. Ugali, wali, mifupa na vichwa vya dagaa acha kabisa kutia, hivyo ndivyo vinavyoita panya.

Jaribu unyevu kwa mkono. Chukua konzi ya mchanganyiko, kamua kwa nguvu zako zote. Yakichuruzika maji, ongeza majani. Likitoka tone moja au mawili katikati ya vidole, ni sawasawa. Lisipotoka tone, na ukifungua kiganja likasambaratika, nyunyiza maji.

Rundo likiwa la mita moja kila upande litapata joto kali ndani. Chomeka nondo katikati, iache dakika tano, ichomoe ushike. Langu siku ya tatu nondo ilikuwa haishikiki. Harufu mbaya ilikuwa imekata siku ya pili, ikabaki harufu ya majani yaliyonyeshewa. Nondo ikianza kupoa, geuza rundo: la nje liingie ndani, la ndani litoke nje. Mimi nageuza kila baada ya siku saba hivi mwezi wa kwanza, baadaye nalegeza. Turubai funika mvua inaponyesha tu, tena juu peke yake, pembeni acha wazi. Rundo likiwa dogo kuliko hapo halitapata joto sana, litaoza polepole, lakini halitanuka ukishika ile hesabu ya ndoo tatu.

Likikaa wiki nyingi bila kunuka wala kubadilika, basi umekosea upande wa pili: makavu mengi, maji hakuna. Hilo lilinipata baadaye na majani ya mparachichi. Ni mapana na yana nta, yakilaliana yanashikana kama kurasa za daftari lililolowa, ukifunua ndani ni makavu kabisa. Yakatekate kwa panga kabla hujayatia, yaloweshe, na ongeza ndoo moja ya maganda mabichi katikati wakati unageuza. Ya mgrivea nayo ni hivyohivyo, magumu. Majani makavu ya mgomba yanaoza upesi zaidi, ila yakate vipande, yakiwa marefu yanasokotana na reki mpaka unatamani kulia.

Imeiva pale ambapo huwezi kutambua ulichotia, nondo haipati joto hata baada ya kugeuza, na ukinusa ni udongo wa msituni baada ya mvua. Langu lilichukua miezi mitatu na wiki moja. Ukiona kikonyo, rudisha.

Na majani usisubiri shida ikukute. Maganda yanatoka kila siku mwaka mzima, lakini majani makavu yanapatikana kiangazi tu. Masika yakifika kila kilichoko chini kimelowa. Kusanya mwezi wa 1 na wa 2. Pita Shanty Town asubuhi, wafagiaji wameshalundika majani barabarani na wako karibu kuwasha kiberiti. Waombe, watakupa bure na kukusaidia kushindilia kwenye viroba. Vihifadhi mahali pasipovuja. Vyangu hivi sasa ni 14, vimepangwa chini ya banda la kuku, na kwa hesabu yangu vinanifikisha mwezi wa 6.