Mashine inasema 213, saa inasema 158: nani mkweli?

Tumchukue dada wa miaka 35, mkaazi wa Kikwajuni, mwenye kilo 70 na urefu wa sentimita 160. Jioni amekwenda jimu, akapanda mashine ya kukimbilia, akaiweka kasi ya kilomita 6 kwa saa bila mwinuko wowote, akatembea dakika 45. Alipoteremka, kioo cha mashine kilimwonyesha kalori 213. Saa yake ya mkononi ilisoma 158. Hapo wengi hukata shauri kuwa moja kati ya hizo ni mbovu, na kwa kawaida huchagua kuamini ile kubwa.

Kwa mfano huu hakuna iliyo mbovu. Kila moja imejibu suali lake. Mashine imejibu: mwili umetumia nishati kiasi gani katika dakika hizi 45? Saa imejibu: ni kiasi gani kimeongezeka kwa sababu ya kutembea?

Mwili hautumii nishati wakati wa mazoezi tu. Umelala, umekaa barazani, uko kwenye daladala, moyo unadunda, ini na ubongo vinafanya kazi, joto la mwili linatunzwa. Nishati hiyo ndiyo kalori za mapumziko, ambazo kwenye saa au simu utaziona zimeandikwa `Resting`. Ungezitumia hata kama usingeinuka kitandani siku nzima. Kalori za harakati, yaani `Active`, ni zile zinazopanda juu ya hizo unapoinuka na kufanya kitu. Ukizijumlisha mbili hizo unapata `Total`. (Kalori moja ya kwenye kioo kwa hakika ni kilokalori, na ndiyo hiyo hiyo ya kwenye pakti za vyakula, kwa hiyo hapo hakuna hesabu ya kugeuza.)

Kalori za mapumziko saa haizipimi, inazikisia kutokana na uzito, urefu, umri na jinsia ulivyojaza siku ya kwanza. Kanuni inayotumika sana duniani ni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke: zidisha kilo kwa 10, ongeza sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Kwa mwanamme hatua ya mwisho si kutoa 161 bali kuongeza 5. Dada yetu anapata 700 na 1000, ukatoa 175 na 161, zinabaki 1364 kwa siku. Ndani ya dakika 45 hizo ni kama 43. Kwa hiyo saa yake ikifunguliwa vizuri itakuwa na namba mbili: `Active` 158 na `Total` 201. Baadhi ya saa hutanguliza ya kwanza, na ya pili inataka uteremke chini kwenye muhtasari wa zoezi.

Sasa mashine imeipata wapi 213? Nayo haipimi mwili. Inajua vitu vitatu tu: mkanda unakwenda kwa kasi gani, umeinuliwa kiasi gani, na uzito ulioingizwa. Kwa kutembea, kanuni iliyozoeleka inakisia oksijeni ambayo kila kilo ya mwili inatumia kwa dakika, katika mililita:

```
VO2 = 0.1 × kasi + 1.8 × kasi × mwinuko + 3.5
```

Kasi hapa ni mita kwa dakika, na kilomita 6 kwa saa ni mita 100 kwa dakika. Mwinuko ni sifuri, kwa hiyo jibu ni 10 jumlisha 3.5, yaani mililita 13.5. Zidisha kwa kilo 70, unapata mililita 945, karibu lita moja ya oksijeni kila dakika. Lita moja ya oksijeni ni takriban kalori 5. Kwa dakika 45 inatoka 213.

Iangalie ile 3.5 ya mwisho, maana jibu la suali letu limo humo. Hiyo ni oksijeni ya mtu aliyetulia, yaani mapumziko yake, na mashine imeichanganya ndani ya jumla. Ukiiondoa, zinabaki kalori 158, sawasawa na saa. Zile 55 zilizozidi hazikuletwa na zoezi, zingetumika hata kama angebaki nyumbani. Na kwa nini 55 wakati kwa kanuni ya kwanza tulipata 43? Kwa sababu 3.5 ni kipimo kimoja kilichowekwa kwa watu wote, na kwa watu wengi, wanawake hasa, kimezidi kidogo. Ndiyo maana hata `Total` ya saa, 201, haifiki namba ya mashine.

Kalori 55 ni kama vijiko vitatu na nusu vya sukari kwenye chai. Si nyingi. Tatizo huanza mtu anapoandika hesabu ya chakula. Lengo la siku alilopewa na programu ya simu tayari limehesabu mapumziko ya saa zote 24. Akiongeza 213 za mashine juu yake, zile 55 zimehesabiwa mara mbili, na kesho tena, na keshokutwa tena. Namba ya kuongeza kwenye hesabu ya chakula ni `Active` peke yake. Na kama programu imeunganishwa na saa na inaongeza yenyewe, usiandike zoezi lile kwa mkono tena.

Uzito ndio unaoharibu zaidi. Ukibonyeza kitufe cha kuanza haraka bila kuingiza kilo zako, mashine nyingi hutumia uzito uliowekwa kiwandani, ambao mara nyingi uko karibu na kilo 70. Chukua kaka mwenye kilo 95 afanye zoezi lile lile bila kujaza kitu. Mashine itamwandikia 213, kwa kuwa haimjui. Kwa kanuni hiyo hiyo jumla yake ni 289. Saa yake, iliyojazwa kilo 95, itasoma `Active` 214. Atafurahi kuona vyombo vyote viwili vimekubaliana, ilhali kimoja kinasema jumla ya mtu mwengine na kimoja kinasema nyongeza ya kwake. Namba kulingana si ushahidi kuwa ni sahihi. Kwa hiyo ingiza uzito kila unapopanda. Mashine isiyouliza uzito popote, kalori zake zisikushughulishe.

Mwinuko nao unazitenganisha namba kwa njia nyengine. Dada yetu akiinua mkanda asilimia 5, ambayo ndani ya kanuni huandikwa 0.05, kwa kasi ile ile, kanuni inaongeza mililita 9 kwa kila kilo, na mashine itasoma 354 badala ya 213. Saa haioni mwinuko wa mashine. Inaona mkono unavyopunga na moyo unavyopiga. Kwa hiyo inaweza kukosa sehemu ya kazi hiyo, na ukiwa kwenye mashine chagua matembezi ya ndani, si ya nje. Hapa mashine ndiyo inayojua zaidi, kwa sharti moja: usishike vyuma vya pembeni. Ukining'inia kwenye vyuma, mikono imebeba sehemu ya uzito wako na mashine haina habari. Ukiona huwezi kuachia vyuma kwa mwinuko ule bila kurudi nyuma, kalori zinazosomwa si zako, punguza mwinuko. Na mkono ulioshika chuma haupungi, kwa hiyo saa nayo inapoteza hatua. Vyombo vyote viwili vimekosea, kimoja juu na kimoja chini.

Upande wa saa, shida kubwa kwetu ni joto. Saa huchukua mapigo ya moyo kama dalili ya kazi ya misuli. Lakini katika ukumbi usio na kiyoyozi, msimu wa kaskazi, hewa ya Unguja imejaa unyevunyevu na jasho halikauki mwilini. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, na maji yakipungua mwilini unadunda haraka zaidi. Mapigo yanapanda ingawa miguu inafanya kazi ile ile, na saa inaandika kalori ambazo misuli haikutumia. Kulijua hili ni rahisi: weka kasi moja tu kwa dakika 45, kisha fungua mchoro wa mapigo kwenye simu ulinganishe dakika 15 za mwanzo na 15 za mwisho. Ikiwa kasi haikubadilika na mapigo yamepanda kumi au zaidi, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni joto. Siku kama hizo mimi ningeiamini mashine iliyojazwa uzito kuliko saa.

Kinyume chake ni kwa wanaotumia baadhi ya dawa za presha, kama atenolol au propranolol, ambazo hupunguza mapigo. Saa itawaandikia kalori chache kuliko walizotumia. Usiguse dawa kwa sababu hiyo, wacha tu kuifuata namba ya saa.

Mkanda uliolegea ni jambo dogo lenye athari kubwa. Kihisi cha chini ya saa kinasoma damu kwa mwanga, na saa ikitikisika mara nyengine huhesabu hatua badala ya mapigo. Ivae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ibane isiteleze, na ilegeze ukimaliza.

Hata ukifanya yote haya, usitarajie usahihi wa mizani ya dukani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya vifaa saba vya mkononi walivyovipima kwa watu 60. Sita kati ya saba vilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5, lakini kwenye kalori hata kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Mapigo saa inayaona, kalori inazikisia kutokana nayo.

Ukitaka chombo kimoja cha kulinganishia, tafuta baiskeli ya jimu inayoonyesha wati na iliyopimwa vizuri, kwa sababu hiyo inapima kazi yenyewe kwenye pedeli. Ukiendesha kwa wati 100 dakika 30, umefanya kilojuli 180 za kazi. Misuli hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati yake kuwa kazi, iliyobaki hutoka kama joto, na kwa bahati kilojuli za kwenye pedeli hukaribiana na kalori za harakati: nazo ni kama 180. Linganisha namba hiyo na `Active` ya saa kwa zoezi hilo hilo, asubuhi kukiwa na ubaridi. Saa ikisoma 230, ujue kwenye baiskeli inakuzidishia kama robo, na kabla ya kuilaumu angalia kwanza kama uzito na umri uliojaza humo bado ni wa kweli.