Cheti cha usajili si msamaha wa kodi

Swali: "Sisi ni taasisi ya dini hapa Igoma, Mwanza. Tuna cheti cha Msajili wa Jumuiya tangu 2021, tunalea watoto yatima na tuna chekechea. Kuna mtu anayejiita wakala wa kodi anasema tukimpa laki nane atatutolea msamaha wa kudumu, na hatutapeleka ritani tena. Tumpe?" – Katibu wa taasisi

Ndugu Katibu, msimpe hata shilingi. Msamaha wa namna hiyo haupo katika sheria ya Tanzania. Swali kama lako naletewa karibu kila mwezi, mara na kanisa, mara na msikiti, mara na kikundi cha kusaidia wajane kule Sengerema, na kila mara nyuma yake yuko mtu wa aina hiyohiyo mwenye begi na ahadi.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haisemi taasisi za dini na hisani hazilipi kodi. Inasema taasisi ya hisani au ya dini huhesabiwa kuwa inafanya biashara, iitwayo biashara ya hisani, na kipato chake hupigiwa hesabu kwa njia ya pekee. Misaada na zawadi zote mnazopokea zinaingia kwenye mapato. Kisha mnatoa kiasi mlichokitumia kweli kwa kazi za taasisi, halafu katika kinachobaki mnaruhusiwa kutoa asilimia 25. Salio linatozwa asilimia 30 kama kampuni nyingine.

Ili mpate hesabu hiyo, cheti cha Msajili hakitoshi. Lazima muwe na uamuzi wa Kamishna wa TRA, kwa maandishi, unaosema ninyi ni taasisi ya hisani au ya dini, na uwe hai kwa mwaka husika. Mnaandika barua kupitia ofisi ya TRA ya mkoa, mnaambatanisha katiba, cheti, TIN, hesabu za fedha na maelezo ya shughuli mnazofanya. Kazi hiyo Katibu anaweza kuifanya mwenyewe.

Katika karatasi zote hizo, isome katiba yenu kuliko kitu kingine. Sheria inataka taasisi iliyoanzishwa na inayofanya kazi kwa malengo hayo tu, yaani kuondoa umaskini au dhiki ya jamii, elimu, afya, maji, barabara, au dini, na iwe ya umma, si ya familia. Vishoka wengi wanakopi katiba ya mwenzako na kubadilisha jina. Ndani yake utakuta "na shughuli nyingine zozote za kiuchumi zitakazokubaliwa na wajumbe", au kifungu kinachosema taasisi ikivunjika mali zigawanywe kwa wanachama. Sentensi hiyo moja inaweza kuwaangusha, kwa sababu inavunja lile neno "tu". Irekebisheni kwanza kwa Msajili, mali ziende kwa taasisi yenye malengo kama yenu, ndipo muombe.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mwaka mmoja mnapokea sadaka na misaada ya shilingi milioni 120, na mmetumia milioni 84 kwa chakula, mishahara, dawa na ada za watoto. Kinabaki milioni 36. Toeni asilimia 25, yaani milioni 9. Kinachotozwa ni milioni 27, na kodi yake ni milioni 8.1. Kama mlikuwa mnaweka zile milioni 36 kwa ajili ya kujenga bweni, sheria inaruhusu kumwomba Kamishna ruhusa ya kutunza fedha kwa mradi unaoeleweka, wenye mpango na dhamira iliyo wazi. Akikubali, hazihesabiwi kama ziada. Lakini mnaomba, kuziacha benki na kusema baadaye "zilikuwa za bweni" hakuwafikishi popote.

Na hapa ndipo taasisi nyingi za ukanda wetu huumia. Mnanunua dagaa na sato Mwaloni, Kirumba, mahindi na maharage sokoni, kuni kwa mama jirani. Fedha imetumika kweli, watoto wameshiba, ila risiti ya EFD hakuna. Mkaguzi hasomi shibe ya mtoto, anasoma karatasi. Akizikataa milioni 20 kati ya zile 84, matumizi yanakuwa milioni 64, kinabaki 56, asilimia 25 yake ni 14, kinachotozwa ni 42. Kodi inaruka kutoka milioni 8.1 hadi 12.6. Hizo milioni 4.5 zimetoka kwenye chakula cha mtoto. Kwa hiyo manunuzi makubwa hamishieni kwa mwenye mashine, na kwa muuzaji mdogo andikeni hati ya malipo yenye jina lake, simu, kiasi na saini.

Lile neno la "hamtapeleka ritani tena" linanikasirisha kuliko yote. Kama mwaka wenu unaishia 31 Desemba, makadirio ya kodi yanapelekwa kufikia 31 Machi ya mwaka huohuo, na ritani ya mwaka kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata, ikiwa imeandaliwa na mhasibu aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA. Ritani inatakiwa hata kama kodi ni sifuri. Adhabu ya kuchelewa huhesabiwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, hata pasipo kodi. Niliwahi kuletewa taasisi iliyokuwa imekaa miaka sita bila kupeleka chochote kwa sababu kishoka aliwaambia wamesamehewa. Walikuwa wanaendesha kituo kizuri, na deni lilikuwa limejengeka kimyakimya mwezi hadi mwezi.

Zaidi ya hapo, uamuzi wa Kamishna hauwaondolei wajibu wa kodi za watu wengine mnazozishika mkononi. Mwalimu wa chekechea mnayemlipa 400,000 kwa mwezi, baada ya mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 anabaki na 360,000. Sehemu iliyozidi 270,000 ni 90,000, na asilimia 8 yake ni 7,200. Hiyo ni PAYE yake, nanyi mnaipeleka TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mkipanga nyumba ya ofisi, mnamkata mwenye nyumba asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha. Msipomkata, deni linawarudia ninyi. VAT nayo ina utaratibu wake, na msamaha wake hufuata vitu vilivyotajwa katika sheria ya VAT, haufuati jina la taasisi. Barua ya Kamishna haiwapi nafasi ya kununua mabati bila VAT.

Huyo mtu wa laki nane mwulizeni mambo mawili: usajili wake wa ushauri wa kodi, na namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali anayotaka mlipie. Malipo ya serikali hayapiti kwenye simu ya mtu binafsi. Nimeona pia barua za kughushi zenye nembo na muhuri, ambazo taasisi huzining'iniza ukutani kwa fahari mpaka mkaguzi afike. Mkipewa barua yoyote, ipelekeni wenyewe ofisi ya TRA ya mkoa na muwaulize kama wanaitambua, kabla hamjasimamisha ritani hata moja.