Kuhariri Kiingereza chenye utata kabla hakijawafikia wafasiri

Ukikabidhiwa kuratibu tafsiri za Kiindonesia, Kithai na Kihindi, na hujui hata moja kati ya lugha hizo, usiogope sana. Sehemu kubwa ya kazi yako iko kwenye Kiingereza ulichopewa. Tafsiri tatu zinapokuja na maagizo tofauti, tunakimbilia kumlaumu mfasiri mmoja. Ukifuatilia utakuta mara nyingi kila mmoja kafanya kazi yake sawasawa. Sentensi ilikuwa na maana mbili, na lugha ya mmoja ikamlazimisha achague moja, wakati lugha ya mwenzake ilimruhusu apite na utata wake mzima. Tofauti inazaliwa hapo.

Nitatumia mfano ninaofundishia wageni wa kazi hii. Nimeutunga mwenyewe, ila unafanana sana na karatasi halisi zinazopita mezani. Ni karatasi ya maelezo kwa mtu aliyepimwa damu kuona kama ana kinasaba cha thalasemia aina ya beta. Ugonjwa huu wa damu ni wa kurithi, nao uko India, Thailand na Indonesia. Anayeijua selimundu hatapata shida, maana hesabu ya kurithi ni ileile.

```
1. We may contact you about your results.
2. If you are a carrier, your brothers, sisters and
   partner should be tested as they may carry it too.
3. They have a one in four chance of having a sick child.
```

Kiingereza hiki kinasomeka vizuri, na ndiyo hatari yake.

Tuanze na "may" ya sentensi ya kwanza. Inaweza kumaanisha "huenda tukakupigia", na inaweza kumaanisha "tuna ruhusa ya kukupigia". Mfasiri wa Kiindonesia hawezi kukaa katikati: akiandika *mungkin* amesema huenda, akiandika *boleh* amesema ruhusa. Wa Kithai naye ana *at* kwa huenda na *dai* kwa ruhusa au uwezo. Wa Kihindi ana kitenzi *sakna*, ambacho kinabeba uwezo, ruhusa na uwezekano kwa pamoja, hivyo anapita bila kugundua kwamba kulikuwa na njia panda. Matokeo yake, msomaji wa Jakarta anaelewa kwamba asipopigiwa simu hana tatizo. Wa Bangkok anaona ametia saini ruhusa. Wa Delhi anabaki na chochote atakachokifikiria.

Sasa usichague wewe. Hili nalisisitiza kwa kila mgeni, kwa sababu mhariri mwenye Kiingereza kizuri hujiona anajua mwandishi alikusudia nini. Mwulize mwenye karatasi swali linalojibika kwa ndiyo au hapana: mtampigia kila mtu, au wenye matokeo mabaya tu? Ukiuliza "sentensi hii ina maana gani?" atakusomea sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi. Katika mfano wetu kliniki inajibu kwamba inampigia kila mtu. Basi "may" inaondoka kabisa.

Wageni wengi wamesikia kwamba Kiindonesia kina "sisi" mbili, *kami* isiyomhusisha msikilizaji na *kita* inayomhusisha, na hutumia muda mwingi kuiwinda "we" kila inapotokea. Ni jambo la kweli, lakini hapa halina madhara: hakuna mfasiri atakayefikiri mgonjwa ni mmoja wa wanaopiga simu. Tunaandika "kliniki" badala ya "sisi" kwa sababu nyingine, kwamba msomaji ajue nani hasa atampigia.

Sentensi ya pili ndiyo yenye mambo. Chukua "brothers, sisters". Kwetu tunalijua tatizo hili vizuri, kwa sababu "ndugu" ni mtoto wa mama yako, ni binamu, ni mtu wa kijijini kwenu, na tukitaka kufunga mlango tunasema baba mmoja mama mmoja. Lugha hizi tatu nazo zina milango iliyo wazi. *Saudara* ya Kiindonesia inaweza kuwa ndugu wa kuzaliwa naye, inaweza kuwa jamaa yeyote, na hutumika hata kumwita mtu kwa heshima. Anayetaka ndugu wa damu huandika *saudara kandung*. *Phi-nong* ya Kithai hutanuka vilevile. Kwa Kihindi binamu huitwa *bhai* bila shida yoyote, na ndugu wa tumbo moja hutofautishwa kwa *saga*. Mfasiri mmoja akifunga mlango na wawili wakiuacha wazi, kliniki moja itapokea ndugu wawili na nyingine itapokea ukoo.

Hapa pia jibu ni la daktari. Je, ndugu wa mama mmoja na baba tofauti yumo? Kitabibu inategemea kinasaba kimetoka kwa mzazi yupi. Tuseme daktari ameamua kwamba karatasi iwataje wa baba mmoja mama mmoja, na wengine wote wazungumze na mshauri. Uamuzi huo unaandikwa kwenye Kiingereza chenyewe, kwa maneno marefu kidogo, ili usibaki kichwani mwa mtu.

"Partner" nayo ichunguze. Kiindonesia kina *pasangan*, linalotosha bila kutaja jinsia. Kihindi mara nyingi kinaandika "mume au mke". Kithai kina neno la kiofisi, *khu somrot*, ambalo ni la mwenzi wa ndoa. Lakini kliniki haijali cheti cha ndoa. Inamjali mtu utakayezaa naye. Basi sema hivyo.

"Should" ni ushauri au amri? Kiindonesia kinachagua kati ya *sebaiknya* na *harus*, Kithai kati ya *khuan* na *tong*. *Chahiye* ya Kihindi inaweza kusomwa kama ushauri au wajibu. Ukiandika "tunashauri", wote watatu wanaelekea upande mmoja. Mwisho wa sentensi kuna "it" isiyosema kama ni kinasaba au ugonjwa, na hili si dogo. *Phaha*, neno la Kithai la mtu mwenye kinasaba, ndilo pia la mbu anayeeneza homa. Karatasi isiposema wazi, msomaji anaweza kudhani ataambukiza familia yake.

Sentensi ya tatu ilinifanya niuchague mfano huu. Neno "they" linarudi kwa nani? Kwa sarufi, kwa kaka, dada na mwenzi. Kwa ukweli wa kitabibu, si kwa yeyote kati yao. Nafasi ya moja kati ya nne inakuja tu pale wazazi wote wawili wana kinasaba, na ni kwa kila mimba, si kwa watoto wanne kwa pamoja. Kuna wanaosoma "moja kati ya nne" wakafikiri kwamba wa kwanza akizaliwa mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Kwa hiyo chini ya utata wa kiwakilishi kulikuwa na kosa la maudhui, na wafasiri watatu wangelitafsiri kwa uaminifu mkubwa.

Baada ya majibu, Kiingereza kinakuwa hivi:

```
1. The clinic will phone you with your result,
   whatever the result is.
2. A carrier has one changed gene and is usually well.
   A carrier cannot infect other people.
3. If you are a carrier, we advise a blood test for:
   - brothers and sisters who have the same mother
     and the same father as you
   - the person with whom you plan to have a child
   We advise all other relatives to speak to a counsellor.
4. If both parents are beta-thalassaemia carriers,
   each pregnancy has a 1 in 4 chance of a child
   with the disease.
```

Kimerefuka na hakina mvuto. Mwandishi wa kwanza anaweza kulalamika kwamba umemharibia mtindo. Mwonyeshe njia panda ya "may" na hizo tafsiri tatu, kwa kawaida hunyamaza.

Utajuaje kama imefanikiwa? Wengi watakuambia urudishe tafsiri kwenye Kiingereza na kulinganisha. Kwa tatizo hili kipimo hicho kinadanganya. *Sakna* ya Kihindi ikirudi inakuwa "may", *bhai* inarudi kuwa "brother", nawe unaridhika kwa sababu Kiingereza kimefanana na cha mwanzo. Utata umekwenda na kurudi salama. Mimi huandaa maswali machache, huwapa wasomaji watatu wa lugha hizo ambao hawajaona Kiingereza, na kuwataka wajibu kwa kusoma tafsiri tu. Usipopigiwa simu, maana yake nini? Binamu yako apimwe? Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, wa pili ana nafasi gani? Majibu yakitofautiana unajua sentensi ipi irudi kufanyiwa kazi.

Wakati tafsiri inaendelea, maswali ya wafasiri yasikae kwenye barua za faraghani. Wa Kithai akiuliza "they ni nani?" na wengine wawili wamenyamaza, usidhani wameelewa, huenda wamekisia. Jibu liende kwa wote watatu, sentensi ibadilishwe kwenye Kiingereza, na karatasi ipewe namba mpya ya toleo. Bila hivyo, mwezi ujao mtu ataongeza lugha ya nne kutoka kwenye Kiingereza cha zamani.

Kuna mambo ambayo Kiingereza hakiwezi kuyabeba hata ukihariri vipi. Kitenzi cha Kihindi hubadilika kwa jinsia ya anayetajwa, na karatasi haijui inasomwa na mwanamume au mwanamke. Usijaribu kulitatua kwenye sentensi. Liandike kwenye maelezo kwa wafasiri, ukisema msomaji aitwe kwa *aap*, yaani "wewe" ya heshima, na kwamba sentensi zipangwe kukwepa jinsia inapowezekana. Thailand, ambako hemoglobini E, badiliko jingine la damu la kurithi, imeenea, kliniki inaweza kutaka aya ya ziada kuihusu. Hiyo ni nyongeza ya maudhui kwa nchi moja, basi iwekewe alama hivyo, isije ikaonekana kama mfasiri ameongeza kwa hiari yake.

Tarehe na namba hazina haja ya mjadala mrefu. Usiandike 03/04/2025, andika mwezi kwa jina. Mfasiri wa Kithai akiweka 2568 hajakosea, maana mwaka wa Kibuddha wa huko uko mbele kwa 543, ila kubalianeni mapema kama karatasi hii itautumia. Na kipimo cha 3.5% kitakuwa 3,5% kwa Kiindonesia, kwa mkato badala ya nukta, huku 1,500 ikiwa 1.500. Mwambie mpangaji kurasa kabla hajazirudisha kama zilivyokuwa kwenye Kiingereza.